Dakika 25 za pomodoro zinanishinda. Nishuke hadi 10 au nipande hadi 50?

Mtu_wa_Busia
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri, matusi pembeni. Najiandaa na mitihani ya CPA, karatasi mbili: moja ya kodi, nyingine ya kuandaa hesabu za kampuni. Rafiki alinielekeza nitumie pomodoro, yaani nasoma dakika 25, napumzika 5, na vipindi vinne vikiisha napumzika kirefu kidogo. Nimejaribu, siwezi. Mara kengele inalia sijamaliza hata ukurasa mmoja, mara iko katikati ya hesabu inanitoa mchezoni. Sasa nawaza: umakini wangu ni mdogo, nipunguze hadi dakika 10? Au nijikaze nipandishe hadi 50? Kuna anayejua namna ya kupima urefu unaomfaa mtu? Mtihani unakaribia na usingizi umenihama.

Boda_Bwaise
Mimi dakika ya kumi tu naanza kusikia harufu ya roleksi hata kama muuzaji amefunga. Nakaa hapa nisubiri majibu.

Mzee_wa_Jinja
Sisi tulisoma kwa tadooba, mafuta yakiisha ndiyo kengele yenyewe. Hakuna aliyetuambia dakika ngapi. Kijana, zima simu, fungua kitabu.

Opio_Mfanyakazi
Kama mwajiri wako anakupa dakika 5 tu za kupumzika, usikubali. Nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, mweleze. Mimi niliwahi kufanya kazi kiwandani bila mapumziko ya chakula mpaka tulipogoma.

Mtu_wa_Busia
@Opio_Mfanyakazi asante mkubwa, lakini hapa hakuna mwajiri. Nasoma mwenyewe.

Ubongo_Kwanza
Tatizo lako ni hizo 25. Ubongo unakwenda kwa mizunguko ya dakika 90, hii ni sayansi. Weka 90 kazi, 20 pumziko, utaniletea mbuzi ukifaulu.

Dada_Akello
Ubongo_Kwanza, hiyo 90 imetoka kwa Kleitman, mtafiti wa usingizi. Kwenye usingizi mizunguko ya karibu dakika 90 inaonekana vizuri. Yeye alidhani inaendelea hata mtu akiwa macho, ila ushahidi wa upande huo ni dhaifu, na hakuna anayeweza kukuambia mzunguko wako ulianza saa ngapi. Hata 25 si sheria ya ubongo. Francesco Cirillo alikuwa mwanafunzi wa chuo Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, akachukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akajaribu vipindi vya urefu tofauti mpaka akatulia kwenye 25.

Mtu wa Busia, kabla ya kukupa namba nijibu mambo matatu. Unasoma wapi, saa ngapi, na hiyo kengele iko kwenye nini? Nafundisha watu wa uhasibu jioni hapa Mbale, na wengi wanaolalamikia umakini hawana shida ya umakini.

Mtu_wa_Busia
Nasoma mchana, mahali pangu. Kengele ni ya simu. Lakini dada, mimi niliuliza 10 au 50.

Dada_Akello
Mahali pako ni wapi? Chumbani?

Mtu_wa_Busia
Si chumbani. Pametulia tu.

Boda_Bwaise
Pametulia Busia? Na malori yale yote?

Mtu_wa_Busia
Sawa, naona hamtaniacha. Nakaa kwenye kibanda cha pesa za simu cha shangazi, karibu na mpaka. Wateja wakipungua nafungua kitabu. Lakini nina nidhamu, mteja namhudumia narudi palepale. Na msidhani sijajipanga. Nimeshamwambia shangazi kuanzia mwezi ujao nitafunga saa sita mchana nikasome. Kwa hiyo kibanda si tatizo, tatizo ni kichwa changu.

Dada_Akello
Na simu yenye kengele ndiyo hiyo hiyo inayoingiza miamala?

Mtu_wa_Busia
Ndiyo. Ninayo hiyo moja.

Mama_Amina_Arua
Mwanangu, mimi nashona. Ninapokata kitambaa huwa sipokei mteja kabisa, maana ukirudi unakata juu ya alama ya zamani, gauni linaharibika. Lakini kushona pindo napiga nalo soga hata na watu watano. Ila hilo la kufunga saa sita, shangazi yako atakula nini? Kibanda cha pesa mteja akikuta kimefungwa mara mbili anahamia kwa jirani.

Mtu_wa_Busia
Mama, atapata mtu mwingine. Nimeshasema, siwezi kurudi nyuma.

Dada_Akello
Mama Amina amesema nusu ya jibu langu. Kwa Cirillo kipindi hakigawanyiki: kikikatwa katikati, hakihesabiwi, unaanza upya. Hapo kibandani kila mteja anakifuta. Hata ukiweka dakika 10 hutamaliza vipindi viwili mfululizo siku ya soko, halafu utajiita mzembe.

Fanya hivi kabla ya kubadilisha chochote. Asubuhi nyumbani, kabla hujafungua, usiweke kengele kabisa. Chukua karatasi, andika saa unayoanza. Mara ya kwanza akili ikiondoka, yaani umesoma mstari mara mbili bila kuuelewa au mkono umeenda kwenye simu, andika dakika iliyofika. Kama ni wewe mwenyewe umejitoa, weka alama ya ritifaa. Kama ni mtu amekutoa, weka kistari. Alama hizo mbili ni za Cirillo pia. Fanya hivyo kwa kusoma sheria ya kodi, na kando fanya kwa kupiga hesabu. Usichanganye. Kisha niletee karatasi.

Ssalongo_Mchunguzi
Subirini kidogo. Huyu Mtu_wa_Busia nimefungua nyuzi zake za zamani. Huko nyuma aliomba ushauri kama fundi simu wa Mbarara anayetaka kuoa. Leo ni mhasibu wa Busia mwenye shangazi. Kesho atatuuzia kitabu cha kusoma kwa dakika. Mnatungiwa hadithi.

Boda_Bwaise
Eh! Fundi simu mwenye simu moja?

Mtu_wa_Busia
Akaunti ilikuwa ya binamu yangu, aliniachia nikabadilisha jina. Alioa, kama unataka kujua. Siuzi kitu.

Ssalongo_Mchunguzi
Binamu. Kila mtu humu ana binamu. Mhasibu gani anashindwa kuhesabu dakika? Weka picha ya kibanda.

Mzee_wa_Jinja
Picha ya kibanda cha pesa mtandaoni ili wezi wajue pa kwenda? Ssalongo, acha hizo.

Opio_Mfanyakazi
Kumbe hulipwi na shangazi? Hilo nalo tulizungumze.

Mtu_wa_Busia
Niamini usiniamini. Dada Akello, hii hapa ya asubuhi za wiki hii. Kusoma kodi: 9, 14, 13, 31, 12, zote ritifaa. Hesabu: 28, 40, 34, ritifaa pia. Kibandani nilijaribu kuandika nikaacha, ni vistari vitupu. Naona basi mimi ni mtu wa dakika 20 hivi, maana nimetafuta wastani wa zote.

Dada_Akello
Ndiyo maana nilisema usichanganye. Zipange za kodi: 9, 12, 13, 14, 31. Ya katikati ni 13. Ukichukua wastani, hiyo 31 peke yake inakuvuta hadi karibu 16, urefu ambao mara nne kati ya tano hukuufikia. Hiyo 31 ulikuwa unasoma nini?

Mtu_wa_Busia
Kodi ya ongezeko la thamani. Nilishaisoma chuoni, ile asilimia 18 na risiti zake naijua.

Dada_Akello
Umeona? Sehemu unayoijua inakushika muda mrefu, mpya inakuchosha mapema. Kwa hiyo 13 ni namba yako ukiwa na sheria ngeni, asubuhi, nyumbani. Mada ikizoeleka itapanda. Anza na 13, na pumziko liwe dakika 2 au 3, usimame, unywe maji, usiguse simu. Usibaki na pumziko la 5 kwenye kipindi kifupi. Ukifanya 10 kwa 5 kama ulivyotaka, katika kila saa unapata dakika 40 tu za kusoma. 13 kwa 3 inakupa karibu 49, ambayo haiko mbali na 50 ya wale wa 25 kwa 5. Kengele ikikukuta bado umo ndani, na hilo likatokea vipindi vingi wiki nzima, ongeza dakika 3 hadi 5. Ukianza kuandika ritifaa mbili ndani ya kipindi kimoja, rudi ulipotoka.

Hesabu ni jambo lingine. Karatasi ya saa tatu yenye alama 100 inakupa dakika 1.8 kwa alama, kwa hiyo swali la alama 20 ni dakika 36. Katikati ya rekodi zako ni 34. Weka 36, swali moja kipindi kimoja, kisha pumzika 6 au 7. Zile 25 zilikuwa zinakukata swali likibakiza theluthi moja, ndiyo maana ulihisi unatolewa mchezoni.

Ubongo_Kwanza
Na kengele ikilia amebakiza mistari miwili? Mimi nasema aipuuze, amalize.

Dada_Akello
Cirillo angemwambia aweke kalamu chini. Mimi huwaambia wanafunzi wamalize mstari walio nao, waandike pembeni hatua inayofuata, waondoke. Atakayepuuza kila kengele atakosa pumziko la kwanza, la pili, na kufika saa nne hawezi hata kujumlisha. Lakini kwa mistari miwili ya hesabu sitagombana na wewe.

Ubongo_Kwanza
Bado naamini 90 inafanya kazi. Kwangu inafanya.

Mama_Amina_Arua
Na kibandani je?

Dada_Akello
Kibandani asipime kitu. Akae na kadi ndogo, swali mbele, jibu nyuma: viwango vya kodi, tarehe za kuwasilisha ritani, muundo wa taarifa za fedha. Mteja akija, kadi inaingia mfukoni na hakuna kilichopotea. Kwa muda wa asubuhi, sokoni kuna saa za mezani za kuzungusha ufunguo, si ghali, simu ibaki chumba kingine. Na akipiga hesabu huku anatuma pesa za watu, siku moja tarakimu ya swali itaingia kwenye namba ya mteja.

Mtu_wa_Busia
Hilo la tarakimu lilishatokea. Sikutaka kulisema. Pesa zilirudi, lakini si zote, na shangazi ndipo alipoanza kukubali nifunge saa sita.

Ssalongo_Mchunguzi
Sasa hiyo naiamini. Lakini kumbe unafunga kwa sababu ya hasara, si kwa sababu ya mtihani.

Mtu_wa_Busia
Ni yote mawili. Saa nitanunua kesho. Kufunga bado nitafunga.

Mama_Amina_Arua
Funga saa nane basi, watu wa chakula cha mchana wapite.

Ssalongo_Mchunguzi
Dada Akello, tukiwa hapa: mimi baada ya chakula nilijipima jana, dakika 6. Niweke 6?

Dada_Akello
Ulikula nini?

Ssalongo_Mchunguzi
Matoke na karanga.

Dada_Akello
Hapo ulipima usingizi. Jipime tena asubuhi, uandike na ulilala saa ngapi.