UZI: Sabuni ya mawese ya Kigoma imetozwa ushuru Burundi kama vile imetoka Uchina. Wakala kasoma kanuni gani?

Mama Gungu:

Wakuu, nina hasira na sitaficha. Nachemsha sabuni ya mche hapa Kigoma, mafuta ni mawese yetu haya haya. Nimepata mteja Bujumbura, mzigo unapita Manyovu. Burundi iko kwenye umoja wa forodha wa Afrika Mashariki tangu 2009, kwa hiyo sabuni yenye cheti cha uasili inaingia bila ushuru wa forodha. Hilo hata mtoto wa sokoni analijua.

Wakala wa forodha kanikatalia kuniombea cheti. Anasema sabuni yangu "haijafikisha Utanzania". Nikamuuliza kivipi, akatoa kikokotoo. Gharama za katoni moja nilimpa mwenyewe, na hizi hapa:

Mawese ya Kigoma 9,000. Mawese niliyonunua kwa watu wa mitumbwi kutoka Rumonge 5,000 (msimu huo ya kwetu yalikuwa yamepanda). Kostiki 3,600. Silikati 600. Marashi na rangi 600. Karatasi za kufungia 1,200. Jumla ya malighafi 20,000. Bei yangu ya kutoka kiwandani ni 30,000, kabla ya usafiri.

Akafanya hivi: 30,000 toa 20,000 inabaki 10,000, hiyo ni asilimia 33 na kidogo. "Mama, sheria inataka 35, umekosa." Basi. Mteja wangu kalipa ushuru kamili, faida yote imekwenda, na sasa ananiambia atachukua sabuni kwa wenzake wa hapo hapo Bujumbura. Wakala yeye ada yake kachukua!

Nikaamua kuitafuta sura yenyewe ya uasili wa bidhaa niisome. Nimeisoma mpaka macho yameuma na hiyo 35 sijaiona. Nimekutana na jedwali refu lenye namba za HS, zile ambazo forodha hutambulia kila aina ya bidhaa, na maneno "bei ya kutoka kiwandani" yamejaa kila ukurasa. Mwenye kujua anisaidie. Nani kaibiwa hapa, mimi au akili yangu?

Kasulu Boy:

Pole sana mama. Ila mbona rahisi? Kostiki umenunua Dar, una risiti ya EFD, umelipa VAT. Hiyo tayari ni mali ya Tanzania. Kila kitu chako ni cha Tanzania, mwambie huyo wakala aache uhuni.

Mzee wa Manifesti:

Kasulu Boy, moyo wako uko sahihi ila hoja inavuja. Risiti ya Dar inaonyesha mahali mtu aliponunua, haionyeshi mahali kitu kilipotengenezwa. Kostiki ikitoka Asia ikalala ghalani Kariakoo mwaka mzima, kwenye hesabu ya uasili bado ni ya nje. Huko nyuma nimewahi kuandaa makaratasi ya namna hii, na kosa hilo huangusha watu wengi pale afisa anapoomba nyaraka za kiwanda.

Mama Gungu, wakala wako kakosea mara mbili, na makosa yenyewe ni tofauti.

La kwanza, hiyo 35 ni ya kanuni za zamani, zile zilizokuja na itifaki ya umoja wa forodha. Zilibadilishwa, sasa tunatumia Kanuni za Uasili za Jumuiya za 2015. Ndiyo maana umeitafuta hukuiona. Mawakala wengi walijifunza kazi enzi zile, na hawajafungua kitabu kipya.

La pili ndilo baya zaidi, kwa sababu hata kwa kanuni za zamani angekuwa amekosea. Mawese ya Kigoma kayaweka upande wa malighafi za nje! Vipimo vya thamani vya sura hii, vya zamani na vya sasa, hupunguza malighafi *zisizo na uasili* peke yake. Michikichi iliyoota Kigoma, ikavunwa Kigoma, ikakamuliwa Kigoma, ni zao la hapa moja kwa moja. Haihesabiwi dhidi yako hata shilingi.

Mama Gungu:

Yaani mawese yangu mwenyewe ndiyo yaliyonifelisha?

Mzee wa Manifesti:

Kwa hesabu yake, ndiyo. Sasa tuisome sura kwa mpangilio wake.

Swali la kwanza: bidhaa imepatikana yote hapa? Sabuni yako hapana, kwa sababu kuna kostiki ndani. Asali ya Tabora ingeishia hapa na cheti kingetoka. Wewe unaendelea mbele.

La pili, tafuta namba ya HS ya sabuni, kisha namba ya kila malighafi ya nje. Tarakimu nne za mwanzo zinatosha. Sabuni ni 3401. Mawese ni 1511, kostiki 2815, silikati 2839, mchanganyiko wa marashi 3302. Hakuna hata moja inayoanza na 3401.

La tatu, nenda kwenye jedwali, shuka mpaka mstari wa bidhaa yako, usome sharti lake. Masharti yanayojirudia sana mle ni mawili. Moja hukutaka utumie malighafi ya namba yoyote isipokuwa ile ya bidhaa yenyewe. Jingine linasema thamani ya malighafi za nje isizidi asilimia fulani ya bei ya kutoka kiwandani, na 70 utaikuta mara nyingi. Kuna mistari inayokupa uchague. Mimi mtu akinijia na bidhaa, nampima kwa yote mawili kabla hata sijafungua mstari wake, nijue amesimama wapi.

Wewe kwa namba unapita, kila kitu kimehama kutoka namba nyingine kuingia 3401. Kwa thamani: kostiki 3,600, silikati 600, marashi na rangi 600, jumla 4,800. Gawa kwa 30,000 unapata asilimia 16. Tuseme karatasi za kufungia nazo ni za nje na afisa ni mkali, ongeza 1,200, inakuwa 6,000, yaani asilimia 20. Sabuni inaingia nayo sokoni imevaa hiyo karatasi, kwa hiyo mimi huwa naihesabu ndani nisibishane na mtu.

Ujiji Mjini:

Na mawese ya Rumonge? Mbona umeyaruka, mzee.

Mzee wa Manifesti:

Nilikuwa nakuja. Burundi ni mwanachama, na sura inasema malighafi yenye uasili wa nchi mwanachama ikitengenezewa Tanzania inahesabiwa kama ya Tanzania. Kwa hiyo kwa haki mawese ya Rumonge ni sawa na ya Kigoma. Tatizo ni karatasi. Una cheti cha yale mawese, mama?

Mama Gungu:

Cheti cha mtumbwi? Nilipewa madumu, nikatoa hela, tukaagana.

Mzee wa Manifesti:

Basi mchukue yule afisa mkali ayahesabu kuwa ya nje. 6,000 ongeza 5,000 ni 11,000. Gawa kwa 30,000, kama asilimia 37. Bado uko mbali na 70. Na namba haikuguswa, mawese ni 1511 popote yalipotoka. Usiandike kwenye tamko lako kwamba ni ya Kigoma. Andika ukweli, unapita hata hivyo. Siku wakija kukagua wakakuta mawese umeyasemea uongo, sabuni yote itatiliwa shaka.

Fundi Sabuni Tabora:

Nimefuatilia kimya kimya, nimefurahi. Na mimi natengeneza sabuni ya kuogea, nina mteja Ngara anayevusha Burundi. Malighafi yangu ni punje za sabuni kutoka Malaysia, naziweka kwenye mashine na marashi, zinatoka mche, nakata, napiga chapa. Kwa hiyo na mimi nimepita, si ndiyo? Mashine ni yangu na vijana ni wa Tabora.

Mzee wa Manifesti:

Ndugu yangu, hapo pagumu. Punje za sabuni zina namba gani?

Fundi Sabuni Tabora:

Kwenye hati ya forodha imeandikwa 3401.20.

Mzee wa Manifesti:

Na mche wako ni 3401.11. Zile nne za mwanzo ni zile zile, umeingiza sabuni ukatoa sabuni. Kwa sharti la kuhama namba hutoki. Unabaki na thamani peke yake. Punje ni shilingi ngapi kwenye katoni, na unauza ngapi?

Fundi Sabuni Tabora:

Punje 19,500, marashi 900. Natoa kwa 27,000.

Mzee wa Manifesti:

20,400 kwa 27,000 ni asilimia 75 na zaidi. Hata kwa 70 umezidi.

Fundi Sabuni Tabora:

Nikipandisha bei iwe 30,000? Itashuka mpaka 68.

Mzee wa Manifesti:

Kama kuna mnunuzi anayeilipa kweli, sawa. Kama ni bei ya kwenye karatasi, watakuuliza ankara. Halafu kuna kifungu kingine: kazi ndogondogo kama kufungasha, kukata, kubandika lebo na kuchanganya kwa kawaida hazimpi mtu uasili, hata hesabu ikikaa vizuri.

Fundi Sabuni Tabora:

Kukandamiza kwenye mashine yenye joto si kukata! Hiyo ni kazi ya kiwanda, umeme peke yake unaniua.

Mzee wa Manifesti:

Nakuelewa, na hapo maafisa wenyewe hawafanani. Wapo wanaoikubali mashine ya kukandamiza, wapo wanaosema sabuni ilikwisha kuwa sabuni huko ilikotoka. Mimi siwezi kukuahidi.

Bangwe Pwani:

Samahani kuingilia. Mimi napeleka sabuni Mpulungu kwa meli. Nilienda na cheti cha Afrika Mashariki wakanicheka bandarini. Sasa hiyo 70 haifanyi kazi kule?

Ujiji Mjini:

Zambia haiko Afrika Mashariki kaka. Wao wako COMESA na SADC, sisi COMESA tulitoka mwaka 2000. Kinachotukutanisha ni SADC, na ile ina sura yake, jedwali lake na cheti chake. Usibebe hesabu ya huku kuipeleka kule.

Kasulu Boy:

Na Kongo je? Wameingia 2022, si sifuri moja kwa moja mpaka Kalemie?

Ujiji Mjini:

Kuingia ni kitu kimoja, forodha ya kule kuanza kuheshimu cheti ni kingine. Muulize mteja wako alitozwa nini kwenye mzigo wa mwisho kabla hujapakia.

Mama Gungu:

Jamani turudi kwangu. Nimempigia wakala, nimemsomea 16, 20 na 37. Kanyamaza, halafu kaniambia "mfumo ndivyo unavyosema". Mfumo gani, wakati hesabu alifanya kwenye simu yake mbele yangu?

Mzee wa Manifesti:

Achana naye. Peleka mwenyewe ofisi inayotoa cheti: gharama za katoni kwa maandishi, ankara za kostiki, silikati na marashi, namba ya HS ya kila kimoja, na daftari la manunuzi ya mawese ukitenganisha Kigoma na Rumonge. Mzigo ukiwa chini ya dola 2,000 uliza kuhusu cheti kilichorahisishwa, kinagongwa mpakani pale pale, mradi sabuni iwe kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa kwa mpaka huo.

Mama Gungu:

Mzigo wangu ni mkubwa kuliko hapo. Nakwenda Jumatatu. Na ushuru ambao mteja wangu ameshalipa Burundi, kuna mtu humu amewahi kurudishiwa kwa cheti kilichotoka baada ya mzigo kuvuka? Mwenye uzoefu wa Manyovu tafadhali, siyo wa Namanga.