Mrejesho: skrini ya 4K na ya 1080p kwenye laptopu moja

Niliuliza: "Skrini mpya ya 4K nimeichomeka HDMI, ile ya zamani ya 1080p iko kwenye USB-C kwa adapta. Mbona mausi inakwamakwama kwenye ile mpya tu?"

Wakuu, imekaa sawa, asanteni sana. Nilifungua `Advanced display` kwenye Windows 11 nikakuta ile ya 4K iko 30 Hz. Tundu la HDMI la laptopu hii ni toleo la 1.4, na kwa 4K mwisho wake ndiyo hapo. Kwa hiyo hata ningenunua waya wa HDMI wa bei gani, tundu lingebaki lilelile.

Dawa ilikuwa kubadilishana matundu. 4K sasa inatumia waya wa USB-C kwenda DisplayPort, inakwenda 60 Hz. Ya 1080p ina pikseli robo tu ya zile za 4K, hivyo HDMI inaimudu bila shida. Ila si kila USB-C hutoa picha. Angalieni kwanza alama ya DP au Thunderbolt pembeni ya tundu.

Maandishi yalikuwa madogo mno, nikaweka `Scale` 150% kwenye 4K na 100% kwenye nyingine.