Tupeane uzoefu: ulimwelekezaje mwenzako koo za Gangs of Wasseypur bila kumharibia utamu?

Bi Shangani (Mtwara)

Jamani habari za jioni. Nina shoga yangu yuko Nachingwea, kaniambia ameiacha ile sinema ya Kihindi, Gangs of Wasseypur, baada ya nusu saa tu. Anasema kila akigeuka anaingia mwanaume mwingine mwenye masharubu na hajui yupi wa nani. Mimi ile sinema naipenda, kwa hiyo nikakaa nikamwandikia barua. Naibandika hapa, halafu na nyie mseme mliwaelekezaje wenzenu. Sharti moja: asitajwe aliyekufa wala aliyebaki, kuna watu humu hawajaiona.

"Shoga yangu, salama? Usiitupe ile sinema, nisikilize kwanza.

Mwanzo wake usikutie presha. Wanaanza na mwaka 2004, watu wamekaa wanaangalia tamthilia kwenye tivii, mara risasi. Pale hutakiwi kumjua mtu. Wakimaliza vurugu yao wanakurudisha miaka ya 1940, enzi za Waingereza, na kuanzia hapo hadithi inakwenda mbele kama kawaida. Wewe anzia kuhesabu watu hapo.

Mahali penyewe ni Wasseypur, mtaa wa Waislamu kule Dhanbad, mji wa migodi ya makaa ya mawe India. Shika nyumba tatu, si mbili.

Nyumba ya Khan ni Wapathani, Waislamu wenye asili ya Afghanistan. Mkubwa wao ni Shahid, mwanawe ni Sardar, na Sardar naye ana wanawe. Sardar utamjua kwa kichwa kilichonyolewa, na kwa nini kanyoa utaambiwa. Ile sauti inayosimulia ni ya Nasir, ndugu yake Shahid, anaishi nao. Kwa hiyo ujue kabisa kwamba habari unaletewa na mtu wa upande mmoja.

Nyumba ya Qureshi ni wachinjaji. Bucha ndiyo kazi ya ukoo, na pale mtaani wao ndio wengi na ndio wenye sauti tangu zamani. Ukiona nyama imening'inizwa na damu sakafuni, umeingia kwa Qureshi.

Nyumba ya Singh si ya Wasseypur na si Waislamu. Ramadhir Singh ni mtu wa makaa ya mawe, halafu anakuwa mtu wa siasa. Mwanawe anaitwa J.P., utamtambua kwa jinsi baba yake anavyomkaripia.

Sasa ugomvi. Khan na Qureshi wana ugomvi wa mtaa. Shahid alikuwa anapora treni za Waingereza akijifanya Sultana, jambazi aliyevuma, na huyo Sultana ni wa upande wa Qureshi. Umeona? Kaiba kwa jina la watu. Angalia tu usimchanganye Sultana wa zamani na Sultan Qureshi anayekuja baadaye, hao ni watu wawili. Khan na Singh wana lao jingine, zito zaidi, utaliona mapema na mimi sikuambii.

Mwisho, ukisoma jina Huma Qureshi kwenye maandishi ya mwanzo, huyo ni muigizaji. Usianze kumtafutia ukoo.

Mke wa Sardar ni Nagma. Akitokea Durga, ujue nyumba ya Sardar ina milango miwili. Wako."

Njomba wa Masasi

Barua nzuri, Bi mkubwa, ila hapo kwenye milango miwili umemwaga kidogo. Mtu angetaka ashtuke mwenyewe.

Mimi nilikuwa na kibanda umiza, hii sinema nimeionyesha sana, na vurugu yake naijua. Watu wetu wakiingia kibandani swali la kwanza ni "steringi nani?" Wakishamjua steringi wametulia, kwa sababu steringi hafi. Hapa ukimjibu mtu swali hilo umeshamaliza sinema. Anajua nani wa kumwonea huruma na nani wa kumsubiri aanguke. Mimi nilikuwa nawaambia hakuna steringi, kuna nyumba. Wengine walinuna wakadai hela yao.

Tatizo jingine ni ile nakala ya kutafsiriwa. Mtafsiri anayeongea juu ya sinema mara nyingi hataji majina, anasema "jamaa", "jambazi", "mzee". Kwenye sinema ya mtu mmoja haina shida. Hapa majambazi wako nyumba zote tatu, sasa utajua yupi? Nikagundua aliyeangalia yenye maandishi chini anashika koo haraka kuliko aliyetafsiriwa, hata kama Kiingereza chake cha kuungaunga, maana majina anayaona yameandikwa.

Kijana wa Mnazi Mmoja

Mbona mnaikuza? Pande ni mbili tu. Khan huku, Qureshi na Singh kule. Adui wa Khan wote ni kitu kimoja. Mimi nilimwambia hivyo mdogo wangu na akaelewa fresh.

Mwalimu wa Newala

Mdogo wangu, nusu yake uko sawa. Qureshi na Singh wanakutana, na kuna mtu wa Qureshi anayemfanyia kazi Ramadhir mapema kabisa, anaitwa Ehsaan. Lakini wanakutana kwa haja, hawakutani kwa undugu. Ramadhir hana shida na Qureshi kuwa juu wala chini, anachotaka ni Wasseypur isije ikawa na mtu mmoja tu mwenye nguvu. Mdogo wako akishika kwamba ni kitu kimoja, kuna mahali ataona Singh amefanya jambo akasema mwandishi kakosea. Mwandishi hajakosea.

Mimi nikimwelekeza mtu namfundisha maswali mawili kwa kila anayeingia: kazaliwa nyumba gani, na anakula wapi. Mara nyingi majibu yanafanana. Yasipofanana, mwangalie huyo mtu kwa makini. Chukua Shahid mwenyewe. Kuzaliwa ni Khan. Akishafukuzwa Wasseypur anakwenda migodini Dhanbad, na baada ya uhuru wa India mwaka 1947 Ramadhir anapata migodi na kumchukua Shahid awe mtu wake wa mabavu, wa kuwatisha vibarua. Kwa hiyo Khan wa kwanza tunayemjua anakula kwa Singh! Ukiwa na daftari la pande mbili, huyu unamwandika wapi?

Na hicho cha kula kinabadilika. Serikali ya India ilitaifisha migodi ya makaa ya mawe mwanzoni mwa miaka ya 1970, Dhanbad ikiwemo. Baada ya hapo ulaji unahama, unakuwa kwenye vyama vya wafanyakazi, siasa, mchanga, chuma chakavu. Mtazamaji anaona watu walewale wanagombania kitu kingine, anadhani ni kundi jipya limeingia. Kundi ni lile lile.

Kijana wa Mnazi Mmoja

Sawa ticha. Ila mdogo wangu alienjoi.

Mama Zuhura (Lindi)

Samahani, hii sinema ipo iliyotafsiriwa? Namtafutia mume wangu, yeye anapenda za ngumi.

Njomba wa Masasi

Ipo mama, ila ngumi ni chache, bunduki ndiyo nyingi. Na ni sehemu mbili, ukijumlisha ni zaidi ya saa 5. Zilitoka mwaka mmoja, 2012, na ni hadithi moja iliyokatwa katikati, kwa hiyo hakikisha umepewa zote. Matusi yamo mengi, watoto wakalale kwanza.

Dada Mikindani

Mie nina langu. Nilimwangalizia bibi yangu, Mmakonde wa Newala, kila akitokea mtoto anauliza, "Mama yake nani? Wajomba zake wako wapi?" Maana kwake ukoo ni wa mama. Nikamwambia bibi, kule mtoto ni wa baba, Khan anazaa Khan. Akakubali kwa shingo upande. Halafu akamshika Nasir, akasema "huyu ndiye mjomba, huyu ndiye mwenye watoto", na akawa anamlaumu Nasir kwa kila ujinga wanaofanya wale vijana.

Mwalimu wa Newala

Nasir si mjomba, ni baba mdogo. Ni upande wa Shahid.

Dada Mikindani

Najua, mwalimu, mwambie bibi. Lakini nakuambia, lile swali lake la mama lilinisaidia kuliko barua zote. Watoto wa Sardar ukiwapanga kwa baba wote ni Khan, hujapata kitu. Ukiwapanga kwa mama ndio unaona nani ananuniana na nani. Kwa hiyo Njomba, milango miwili mimi naitetea. Bila hiyo mtu atapotea katikati ya sehemu ya kwanza.

Njomba wa Masasi

Hapotei. Anaoneshwa.

Mwalimu wa Newala

Niongeze la uandishi. Kuna rafiki yangu aliniandikia orodha ya wahusika kabla sijaangalia. Hakutaja kifo hata kimoja, maskini, alijitahidi. Lakini kwa baadhi ya watu aliandika "alikuwa", kwa wengine "ni". Nikajua nani wa kumzoea na nani nisimzoee. Tena mmoja alimwandikia aya nzima, mwingine mstari mmoja. Barua ya Bi Shangani imeteleza hapo kidogo tu: Shahid "alikuwa anapora". Andika "anapora". Wote waweke kwenye wakati uliopo na kila mtu mpe urefu uleule, hata kama unayemwandikia anakereka.

Bi Shangani (Mtwara)

Mwalimu jamani, umenisahihisha kama mtihani wa darasa la saba. Haya, nitabadilisha.

Lakini nijibuni hili. Lile zito la Khan na Singh nimelificha. Shoga yangu anasema nimembania, anataka kujua kisa cha uadui ndipo aendelee. Nimwambie?

Mwalimu wa Newala

Mwambie. Lile la kule mji wa Varanasi linatokea mapema sana, ndilo msingi wa nyumba. Hakuna sinema bila lile. Msingi si siri.

Njomba wa Masasi

Usimwambie! Mimi nimekaa nyuma ya kibanda nikiwaangalia watu wakati wa Varanasi. Watu wanaacha kutafuna karanga. Unataka shoga yako aingie pale akiwa anajua?

Dada Mikindani

Mwambie "kuna deni la damu" basi. Asijue la nani kwa nani.

Kijana wa Mnazi Mmoja

Deni la damu si umeshamwambia mtu anakufa?

Dada Mikindani

Ni sinema ya majambazi, mdogo wangu. Alitegemea nini, harusi?

Bi Shangani (Mtwara)

Mmechelewa. Ameanza upya, kafika mbali, na sasa hivi kaniandikia: "Definite ni mtoto wa nani?" Nimjibu nini?

Mwalimu wa Newala

Mjibu "wa Durga". Usiongeze neno.

Njomba wa Masasi

Na akiuliza Durga yuko upande gani?

Bi Shangani (Mtwara)

Ameshauliza.