Naomba ushauri: hotuba ya kocha inapoteza mdundo kwa Kiswahili

Habari zenu wakuu. Kocha wetu mgeni ameniomba nimtafsirie hotuba atakayowapa wasichana wa timu yetu ya soka kabla ya fainali ya mkoa. Maana haina shida, ila mdundo unanikatikia.

Sehemu ya katikati kwa Kiingereza inaanza kila mstari kwa maneno yaleyale mawili, kisha nomino. Nikiifuata ilivyo napata: "Mpira mmoja zaidi! Dakika moja zaidi! Kichwa kimoja zaidi!" Kinachorudiwa kimeshaenda mwishoni, na "moja" inabadilika kila mstari kwa sababu ya ngeli. Wachezaji hawawezi kudakia.

Nimejaribu kuanza na kitenzi: "Ongeza mbio! Ongeza pasi! Ongeza sauti!" Hapo napata mwanzo mmoja usiobadilika, na nikipanga kutoka miguuni hadi kooni hotuba inapanda yenyewe. Lakini ile hisia ya "kimoja tu, halafu kingine" imepotea. Njia nyingine ni "Bado": "Bado mpira mmoja! Bado dakika moja!" Inabeba maana vizuri, ila naogopa isisikike kama lawama kwamba hawajamaliza kazi.

Kiitikio kimekaa sawa: "Uwanja wa nani?" "Wetu!" Silabi mbili, mkazo kwenye ya kwanza, chumba kizima kinaitikia pamoja.

Wenye uzoefu wa kuhamasisha timu, mngechagua "Ongeza" au "Bado"? Au kuna neno la tatu?