Ushauri: nimwandaeje mtoto kabla ya kumwonesha Hachi?

Mama Tumaini: Wakuu, habari za jioni. Mwanangu ana miaka 6, anapenda sana filamu za mbwa. Nimemwahidi Hachi (2009) Jumamosi, tayari iko kwenye flashi. Nasikia mwisho wake unaliza. Nimwandaeje?

Kaka wa Ubungo: Inaliza kweli! Kisa cha kweli cha Japani, mwenye mbwa alifia vitani, mbwa akamsubiri stesheni miaka 10.

Mzee wa Reli: Si vitani. Profesa Ueno wa Tokyo alifariki ghafla mwaka 1925, mbwa akaendelea kwenda stesheni ya Shibuya hadi alipokufa Machi 1935. Filamu hii imehamishia kisa Marekani. Mama, usisubiri mwisho: mwenye mbwa anakufa mapema zaidi. Siku hiyo Hachi, ambaye siku zote hukataa kuleta mpira, anauleta mwenyewe. Ukiona hapo, kifo kimekaribia. Mweleze mtoto yote kabla hamjaanza, atalia lakini hatashtuka. Ila kwa nini filamu hii hasa?

Bi Zuu: Paka wetu aligongwa na bodaboda, nikanunua anayefanana naye. Mwanangu akamtambua kwa mkia siku ileile!

Mama Tumaini: Babu yake alikuwa akimpokea akishuka gari la shule. Amefariki mwezi uliopita. Tulimwambia babu kasafiri. Nataka filamu imfundishe polepole, bado mdogo kuambiwa hivihivi.

Mpaka Kieleweke: Hii chai. Turubai limefungwa, watu wamejaa, mtoto asijue kuna msiba?

Mama Tumaini: Tulizika Bukoba. Mtoto alibaki Dar kwa mama yake mdogo. Nitunge msiba wa baba yangu nipate nini?

Bi Zuu: Pole sana, mdogo wangu.

Mzee wa Reli: Pole, mama. Basi Jumamosi ahirisha. Mwishoni Hachi, keshazeeka, analala kwenye theluji, na tunaoneshwa mwenye mbwa akitoka stesheni na kumkumbatia. Mtu mzima anajua mbwa anaota, ndiyo anakufa hivyo. Mtoto anayejua babu kasafiri ataelewa kwamba ukisubiri sana, mtu hurudi. Mwambie kwanza kwamba babu amekufa: hapumui tena, hali, hasikii maumivu, hatarudi. Usiseme amelala, ataogopa kulala. Atauliza tena kesho na keshokutwa, umjibu vilevile.

Mchungaji Mstaafu: Watoto wa siku hizi wanalelewa na runinga. Mpelekeni kaburini.

Mama Tumaini: Bukoba si karibu, mzee wangu. Na baba yake hataki aambiwe kabla shule hazijafungwa. Nitaongea naye leo usiku. Ila filamu nimeshaahidi. Hakuna ya mbwa asiyekufa?

Kaka wa Ubungo: Beethoven ya 1992. Kuna daktari wa mifugo anataka kumuua, lakini mbwa anapona.

Mzee wa Reli: Hiyo sawa. Mwambie mapema kwamba anapona.