Ukoko ulioungulia kwenye sufuria ya alumini: magadi, ndimu au stiliwaya?

Mama Wawili: Jana nilipika wali wa nazi kilo 2 kwa mkaa, nikaitwa nje, na niliporudi ukoko ulikuwa umegeuka makaa chini ya sufuria. Nimekwisha kuulowesha usiku kucha. Tabaka la juu limetoka, lakini limebaki doa jeusi kama kiganja, gumu kama lami. Ninaomba mnilinganishie njia hizi tatu kabla sijaiharibu.

Mzee wa Pongwe: Tumia majivu au magadi. Bibi zetu walisugulia majivu, na sufuria ziling'aa.

Mpishi wa Shughuli: Mzee wangu, shikamoo. Majivu yanafaa sana kuondoa mafuta na masizi ya nje, ila ndani ya alumini yana kasoro: majivu na magadi hula ngozi nyembamba inayoilinda alumini, ndiyo maana ukichemsha magadi humo sufuria hugeuka kijivu, hata nyeusi, na mtu hudhani uchafu umezidi. Mimi ningeanza na ndimu. Dada, tia maji yafunike doa, kamulia ndimu 4, chemsha kwa moto mdogo dakika 15, kisha kwangua kwa mwiko wa mti maji yangali na joto, kwa sababu yakipoa ukoko hushika tena. Usiyalaze humo, kwani tindikali nayo huitoboa alumini vitundu vidogo. Wala usimwagie maji baridi sufuria ikiwa ya moto. Kitako hupinda, na baada ya hapo wali huungulia upande mmoja kila siku.

Binti Makorora: Mimi huweka kipande cha mkate juu ya wali na kufunika, na harufu ya moshi hupungua.

Mama Wawili: Ahsante, mdogo wangu, lakini wali wenyewe tumeshaula, shida yangu ni sufuria.

Mzee wa Pongwe: Marahaba. Basi stiliwaya je? Mbona kila jikoni ipo?

Mpishi wa Shughuli: Inaondoa haraka, nakubali, lakini huacha mikwaruzo, na mchele wa kesho hushika papo hapo kwenye mikwaruzo hiyo. Kwa sufuria kubwa za shughuli, ambazo zimekwisha kuchakaa, huitumia bila kusita.

Mama Wawili: Nimerudi. Nilichemsha kama ulivyoelekeza, na vipande vikaanza kunyanyuka pembeni kama magamba ya samaki. Nikarudia mara ya pili kwa ndimu mpya. Sehemu iliyokuwa ya kijivu imerudi kuwa nyeupe, ila limesalia doa la ukubwa wa sarafu, ambalo kidole hakilisikii kabisa.

Mpishi wa Shughuli: Kama kidole hakilisikii, hilo ni rangi tu, wala halitaungulisha chakula. Mimi ningeliacha.

Mzee wa Pongwe: Mimi ningelisugua kwa majivu kidogo, kwa kitambaa, nisuuze upesi.