Benki imeingiza shilingi 640,000 katika akaunti ya mtu mwingine, sasa naambiwa nisubiri

Mjenzi wa Changamwe: Ndugu zangu, niliagiza tawi langu hapa Mombasa limlipe kwa RTGS muuzaji wa vigae mwenye akaunti katika benki nyingine. Fomu niliyoijaza, ambayo nakala yake yenye muhuri ninayo, ina nambari inayoishia 4471, lakini karani aliingiza 4417. Nambari hiyo ingekuwa haipo, fedha zingerudi zenyewe. Kumbe ina mwenyewe. Jina nililoandika ni la kampuni, ila benki iliyopokea ilifuata nambari tu. Meneja ananiambia kwamba "ombi limetumwa", hataki kunionyesha chochote, na jina la aliyepokea ni siri. Muuzaji naye amezuia vigae vyangu. Wakosee wao, nigharimike mimi?

Binti wa Kisauni: Pole sana, kaka. Mimi nilipokosea M-Pesa niliutuma ule ujumbe kwa 456 na nikarudishiwa. Umejaribu?

Hamisi wa Likoni: Hiyo ni ya simu, dada. Benki inaweza kuzivuta fedha hizo yenyewe maadamu siku haijaisha.

Mstaafu wa Kaunta: Bwana Hamisi, kuwahi kunasaidia, lakini si kwa sababu hiyo. Malipo ya RTGS yakishakamilika kati ya benki mbili hayabatilishwi, na benki yake haina mamlaka juu ya akaunti iliyo kwingine. Inachoweza kufanya ni kuitumia ile benki ujumbe wa kuomba fedha zirudishwe. Benki hiyo, ikizikuta bado zipo, huzizuia, kisha humwomba mteja wake ridhaa ya kuzikata. Akikataa, au akiwa ameshazitoa, mara nyingi njia inayobaki ni amri ya mahakama. Wakati mwingine benki iliyotuma hutoa barua ya dhamana ili mwenzake akubali kurudisha, na wengi huikwepa barua hiyo kwa kuwa inawafunga.

Wewe, Bwana Mjenzi, una fomu yenye muhuri, kwa hiyo usikubali kungoja ridhaa ya mtu usiyemjua. Iandikie benki yako, ambatisha nakala, idai ikulipe yenyewe kwa kutofuata maagizo yako, kisha ihangaike na mpokeaji. Barua ipigwe muhuri wa kupokelewa, maana wakikaidi utaipeleka Benki Kuu. Tena dai nakala ya ule ujumbe, uone saa uliotumwa, kwa sababu "limetumwa" ya meneja huweza kuwa barua pepe iliyolala makao makuu.

Hamisi wa Likoni: Hata hivyo, mpokeaji akizila si ni mwizi? Aende polisi.

Mstaafu wa Kaunta: Anaweza kushtaki, ila polisi hawatamrudishia fedha kesho.

Mjenzi wa Changamwe: Mzee, nimeipata nakala baada ya kukataa kuondoka kaunta. Nililalamika Ijumaa asubuhi; ujumbe ulitumwa Jumatatu jioni. Benki ya pili imejibu kwamba katika akaunti ile limebaki salio la shilingi 212,000.